Kumwandikia Mhadhiri Kukiri Kosa la Rejea: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Asaimenti imeshawasilishwa, muda wa mwisho umepita, na mwanafunzi anagundua kwamba rejea moja haiko sawa. Hakudesa wala hakununua kazi kwa mtu. Ameandika tu jina ambalo halikustahili kuwepo pale. Hapo ndipo ushauri wa hosteli unapoanza. Mmoja anamwambia anyamaze, kwani mhadhiri mwenye kazi 200 za kusahihisha hawezi kuona. Mwingine anamtisha kwamba akikiri atadisko. Wa tatu anamshauri aandike barua ndefu ya kuomba huruma. Wote watatu wanaongea kwa uhakika, na wote watatu wanapotosha.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anasoma fasihi ya Kiswahili. Kazi yake inahusu tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, na jinsi inavyohusiana na historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika ukurasa wa 4 ameandika kwamba vita hivyo viliua watu kati ya 250,000 na 300,000, akaweka rejea (Gwassa, 1973). G.C.K. Gwassa ni mwanahistoria aliyeandika tasnifu ya uzamivu kuhusu vita hivyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shida ni kwamba mwanafunzi hajawahi kuishika tasnifu hiyo. Makadirio hayo ameyakuta katika kitabu cha John Iliffe cha mwaka 1979, A Modern History of Tanganyika, ambamo Iliffe anamtaja Gwassa. Kwenye daftari lake aliandika jina la Gwassa na takwimu, akasahau kuandika alikozitoa. Wiki mbili baadaye daftari likawa chanzo.

Sasa tuyapime madai moja moja.

Dai la 1: Kosa la rejea na wizi wa kitaaluma ni kitu kilekile, kwa hiyo ukikiri umejifunga mwenyewe.

Jibu: Si kweli, ila lina mpaka wake.

Wizi wa kitaaluma ni kuchukua maneno au mawazo ya mtu na kuyaonyesha kama yako. Mwanafunzi wetu hakufanya hivyo. Msomaji wa kazi yake anajua kabisa kwamba makadirio yale ni ya Gwassa. Alichokosea ni kuonyesha kwamba ameisoma tasnifu wakati ameipata habari kwa mkono wa pili. Yako makosa mengine yanayofanana na hilo: mwaka uliokosewa, ukurasa usio wenyewe, au kuchanganya vitabu viwili vya mwandishi mmoja. Iliffe mwenyewe ni mtego wa aina hiyo, kwa sababu mwaka 1969 alitoa kitabu kingine kinachohusu Tanganyika chini ya Wajerumani, na vyote viwili vinazungumzia Maji Maji.

Wahadhiri wanaijua tofauti hii kwa sababu nao ni waandishi. Majarida ya kitaaluma huchapisha masahihisho ya makala mara kwa mara, na jambo hilo huwekwa mbali na kuifuta makala ambayo matokeo yake hayaaminiki tena. Anayepokea barua ya marekebisho haoni kitu kigeni.

Mpaka wenyewe ni huu. Ukinakili sentensi tatu neno kwa neno bila alama za kunukuu wala jina la mwandishi, hilo si kosa dogo la rejea, hata kama ulighafilika. Kanuni za vyuo vingi hulihesabu kuwa wizi wa kitaaluma hata pasipo nia mbaya. Nia huangaliwa baadaye, wakati wa kupima adhabu. Hilo nalo ni bora likiandikiwa barua, lakini liitwe kwa jina lake. Barua inayoita aya nzima iliyonakiliwa "hitilafu ndogo ya marejeleo" inaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Dai la 2: Turnitin haikuonyesha kitu, kwa hiyo hakuna kosa.

Jibu: Si kweli.

Turnitin hulinganisha maandishi na maandishi. Inatafuta mahali ambapo mfuatano wa maneno yako unafanana na ulio kwenye hifadhi yake, kisha inatoa asilimia ya ufanano. Haijui kama kitabu ulichokitaja umekisoma. Haijui kama Gwassa alisema ulichodai kasema, wala kama mwaka ulioandika ndio wenyewe. Rejea (Gwassa, 1973) inaweza kupita pale bila doa lolote, na ikabaki si sahihi.

Kinyume chake pia hutokea. Orodha ya marejeleo iliyoandikwa vizuri kabisa inaweza kupandisha asilimia, maana wanafunzi wengine waliandika vitabu vilevile kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo asilimia ndogo si cheti cha usafi, na asilimia kubwa si hukumu.

Anayeweza kuliona kosa la mwanafunzi wetu ni binadamu anayelijua somo. Mhadhiri anajua kwamba tasnifu ya mwaka 1973 haipatikani kirahisi kama kitabu kilichochapishwa. Akiona mwanafunzi wa mwaka wa pili ameitaja mara moja tu, kwa takwimu moja tu, na tena ile ambayo kitabu cha Iliffe kinaitaja, swali linakuja lenyewe. Anaweza kuliuliza kwenye semina kwa upole: tasnifu hiyo uliisomea wapi? Hapo ndipo kunyamaza kunapokuwa na gharama, kwa sababu jibu litatolewa mbele ya darasa zima.

Dai la 3: Kama takwimu yenyewe ni sahihi, chanzo kisicho sahihi hakimdhuru mtu.

Jibu: Si kweli.

Katika mfano wetu, mtu aliyetoa makadirio ni sehemu ya habari yenyewe. Idadi ya waliokufa katika Maji Maji haijawahi kuwa namba moja inayokubaliwa na wote. Hesabu ya upande wa Wajerumani ni takriban 75,000, na makadirio ya Gwassa ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Sehemu kubwa ya vifo ilitokana na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, na njaa haihesabiki kama risasi. Msomaji anayetaka kujua Gwassa alifikaje kwenye makadirio yake ataifuata rejea. Mwanafunzi akimwelekeza kwenye tasnifu ambayo yeye mwenyewe hakuiona, anamhakikishia jambo ambalo hakulihakiki.

Madhara ya tabia hiyo yameshachunguzwa. Mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway aliyefanya utafiti miongoni mwa Wairaqw wa kaskazini mwa Tanzania, alichapisha makala katika jarida la Social Studies of Science kuhusu visasili vya kitaaluma. Alifuatilia hadithi maarufu ya spinachi, ile inayosema kwamba mboga hiyo ilisifiwa kuwa na madini mengi ya chuma kwa sababu wanasayansi wa zamani walikosea kuweka nukta ya desimali. Hadithi hiyo ilipata umaarufu kupitia makala ya mwaka 1981 katika jarida la tiba la Uingereza, makala ambayo haikutoa chanzo cha dai hilo. Waliofuata wakanukuu, na waliowafuata wakawanukuu hao. Wengine walitaja vyanzo ambavyo ni dhahiri hawakuvisoma. Hivyo hadithi ya kuwaonya watu wasipokee mambo bila kuyahakiki ikasambazwa na watu ambao hawakuihakiki.

Rejea ya mwanafunzi mmoja haiwezi kuleta balaa la ukubwa huo, lakini njia ni ileile. Na tiba yake ni fupi. Kwa mtindo wa APA, ambao hutumika sana vyuoni, unamtaja mwenye wazo pamoja na yule uliyemsoma: (Gwassa, 1973, kama alivyonukuliwa na Iliffe, 1979). Katika orodha ya marejeleo anaingia Iliffe peke yake, kwa sababu ndiye uliyemsoma. Wengi hukosea hapa pia, wakawaorodhesha wote wawili.

Dai la 4: Barua nzuri ni ile inayoonyesha majuto na kueleza matatizo yako.

Jibu: Si kweli.

Rasimu ya kwanza ya wanafunzi wengi huenda hivi: shikamoo Dokta, pole na majukumu, natumaini u mzima, nakuandikia nikiwa na huzuni kubwa, muhula huu bumu lilichelewa na nyumbani kulikuwa na mgonjwa, kuna kosa limejitokeza kwenye kazi yangu, naomba sana unisaidie. Shikamoo haina ubaya. Ubaya ni kwamba mhadhiri amefika mwisho na bado hajui kosa liko ukurasa gani. Maneno "limejitokeza" na "unisaidie" nayo yanamkwaza. La kwanza linaonyesha kama kosa lilikuja lenyewe. La pili, kwa lugha ya chuoni, mara nyingi husomeka kama ombi la alama.

Mhadhiri anahitaji mambo manne: kosa liko wapi, lilipaswa kuwaje, lilitokeaje, na unaomba nini. Barua ya mwanafunzi wetu inaweza kuwa hivi:

> YAH: MAREKEBISHO YA REJEA MOJA KATIKA KAZI NILIYOWASILISHA TAREHE 12 MEI
>
> Ndugu Mhadhiri,
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili ________, katika somo lako la Tamthiliya ya Kiswahili.
>
> Katika ukurasa wa 4, aya ya pili ya kazi yangu, nimeandika kwamba Vita vya Maji Maji viliua watu kati ya 250,000 na 300,000, nikaweka rejea (Gwassa, 1973). Tasnifu hiyo sijaisoma. Makadirio hayo niliyapata katika kitabu cha Iliffe cha mwaka 1979, kinachomtaja Gwassa. Aidha, katika orodha ya marejeleo niliiweka tasnifu na sikukiweka kitabu.
>
> Rejea sahihi ndani ya matini ni (Gwassa, 1973, kama alivyonukuliwa na Iliffe, 1979). Katika orodha ya marejeleo, tasnifu ya Gwassa inapaswa kuondolewa na mahali pake kuwekwa: Iliffe, J. (1979). A Modern History of Tanganyika. Cambridge University Press.
>
> Kosa ni langu. Nilipokuwa naandika madokezo nilinakili jina la Gwassa na takwimu bila kuandika kitabu nilikozitoa. Baada ya kuligundua nimezipitia rejea nyingine zote katika kazi hii nikiwa na vyanzo vyenyewe, na sikuona nyingine yenye tatizo. Hoja ya aya hiyo haibadiliki.
>
> Nimeambatisha ukurasa wa 4 na ukurasa wa marejeleo vilivyorekebishwa, na mabadiliko nimeyapigia mstari. Sijabadilisha kitu kingine wala sijapakia nakala mpya kwenye mfumo. Naomba maelekezo yako, kama kurasa hizo zitapokelewa au kazi itasahihishwa kama ilivyo. Nitapokea uamuzi utakaoutoa kwa mujibu wa taratibu za somo.
>
> Samahani kwa usumbufu.
>
> Wako mtiifu,
>
> (Jina na saini)

Sentensi nzito kuliko zote hapo ni fupi: "Tasnifu hiyo sijaisoma." Wanafunzi wengi wataiandika kwa kuzunguka, waseme "sikuitumia moja kwa moja" au "sikuipata kikamilifu". Maneno hayo yanamwachia mhadhiri kazi ya kubashiri. Sentensi ya maneno matatu inafunga mjadala.

Tazama pia kwamba samahani ipo, mara moja, mwishoni, na inahusu usumbufu. Sababu ya kosa imepewa sentensi moja inayoeleza namna lilivyotokea, yaani madokezo yasiyo na chanzo, na haina habari za maisha ya mwandishi. Kama kweli kulikuwa na msiba au ugonjwa uliovuruga kazi nzima, hilo lina utaratibu wake na vielelezo vyake. Lisichomekwe ndani ya barua ya rejea.

Ukituma kwa barua pepe, mstari wa YAH ndio uwe kichwa cha ujumbe. Mhadhiri ataitafuta barua hiyo siku atakayosahihisha, na kichwa kinachosema "Ombi" hakitamsaidia kuipata.

Dai la 5: Njia safi ni kupakia nakala mpya iliyosahihishwa kabla mtu hajaona.

Jibu: Si kweli.

Kama muda wa kuwasilisha haujaisha na mfumo unaruhusu kubadilisha, badilisha. Hiyo ni haki yako na barua haihitajiki. Mambo hubadilika muda ukishapita. Vyuo vingi hutumia Moodle, na huko kazi ikishafungwa, mhadhiri ndiye mwenye uwezo wa kuirudisha kwa kitufe cha "Revert the submission to draft". Uamuzi wa kuifungua ni wake, na barua ndiyo inayompa sababu ya kufanya hivyo.

Kuna wanaojaribu kupitia mlango wa nyuma, wanapakia nakala ya pili kwenye sehemu ya asaimenti nyingine au kwenye darasa jingine la Turnitin ili waone asilimia yao. Matokeo yake huwa mabaya. Kama nakala ya kwanza imeshahifadhiwa, ya pili inaweza kusomeka kuwa imenakiliwa karibu yote, na chanzo chake ni wewe mwenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa na rejea moja yenye kosa sasa ana ripoti nyekundu ya kuielezea.

Kosa jingine hapa ni kurekebisha zaidi ya ulichokisema. Umeomba kubadilisha rejea moja, lakini kwa kuwa faili liko wazi, unanyoosha na utangulizi, unaongeza aya, unabadilisha hitimisho. Hapo umejipa muda ambao wenzako hawakupewa, na mhadhiri akilinganisha nakala mbili ataiona tofauti. Ndiyo maana barua yetu imeambatisha kurasa mbili tu.

Dai la 6: Barua ya mapema ina thamani kuliko ya baadaye.

Jibu: Kweli.

Sababu yake ni ya kiutawala. Katika vyuo vingi vya Tanzania koziweki hubeba asilimia 40 ya alama na mtihani wa mwisho 60. Kabla kazi haijasahihishwa, mhadhiri ana nafasi pana: anaweza kupokea kurasa zilizorekebishwa, kuweka barua pamoja na kazi, au kupunguza alama ya marejeleo na kuendelea. Akishasahihisha na kurudisha, bado anaweza kurekebisha, ila itambidi afungue tena kazi aliyoimaliza. Alama zikishapitishwa na vikao vya idara na kitivo, haziko tena mikononi mwake peke yake, na kosa la rejea moja linaweza kuhitaji barua za ngazi tatu.

Pia kuna swali ambalo kila mhadhiri atajiuliza: huyu ameandika kabla ya kuulizwa au baada ya kuulizwa? Barua iliyofika kabla ya semina ni taarifa. Ileile ikifika siku moja baada ya kuulizwa, inakuwa utetezi, hata kama kila neno ndani yake ni la kweli.

Hata hivyo, mapema si papo hapo. Usiandike dakika ileile unapoligundua kosa. Kwanza chukua orodha yako ya marejeleo na vitabu vyenyewe, upitie rejea moja moja ukijiuliza maswali mawili: chanzo hiki nimekiona kwa macho yangu? Kinasema ninachodai kinasema? Kwa kazi ya kurasa kumi, hiyo ni shughuli ya jioni moja. Barua moja inayotaja makosa mawili inaeleweka. Barua tatu ndani ya wiki moja, kila moja ikitaja kosa jipya, zinamfanya mhadhiri aitilie shaka kazi nzima.

Dai la 7: Ukikiri mwenyewe, mhadhiri hawezi kukukata alama.

Jibu: Si kweli.

Kama mwongozo wa usahihishaji unatoa alama 5 kwa marejeleo, na marejeleo yako yalikuwa na kosa wakati wa kuwasilisha, mhadhiri ana haki ya kukata. Haki kwa wenzako inaweza kumlazimu kufanya hivyo, kwa sababu wapo walioandika rejea sahihi tangu mwanzo. Kinachobadilika ni aina ya mjadala. Kosa lililotajwa na mwenyewe, pamoja na marekebisho yake, kwa kawaida huishia kwenye alama. Kosa lilelile likigunduliwa na msahihishaji linaweza kuzua maswali kuhusu rejea nyingine zote, na kama idara ina utaratibu wa nidhamu, likaelekea huko.

Kwa hiyo usiandike barua kwa hesabu kwamba italipa. Mwanafunzi wetu anaweza kupoteza alama moja au mbili kati ya 40, na barua ikawa imefanya kazi yake kikamilifu: kazi yake inasema kweli kuhusu alichokisoma, na mhadhiri anajua hivyo.

Kama una kazi mezani kwa mhadhiri na rejea moja inakunyima usingizi, fungua kitabu, hakiki zilizobaki, uandike kesho asubuhi. Taja ukurasa, taja kosa, taja marekebisho, kisha mwachie uamuzi. Na kwa asaimenti ijayo, usiandike jina la mtu kwenye daftari bila kuandika pembeni yake kitabu ulichokuwa umekishika.